Sifuri ya Bomba la Kumi na Nne

Mimi Joël ndiye niliyelifunga bomba la Mama Nabintu, na sikuhitaji hata spana. Nilikuwa nimekaa ofisini Mbarara, na chai pembeni.

Ripoti yangu ya maji ina kazi moja: inachukua namba ya mita ya leo, inatoa ya jana, tofauti ndiyo maji yaliyotekwa. Mama Nabintu, mlinzi wa bomba la kumi na nne katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alinitumia picha ya daftari lake kila wiki. Mimi nilinakili namba tu. Maneno ya pembeni niliyaona porojo.

Katikati ya Machi fundi alibadilisha mita. Ya zamani ilikuwa imefika 8,276. Mpya ikaanza sifuri. Kompyuta ikatoa namba kubwa kwenye ndogo bila aibu, na jumla ya mwezi ikawa 150 ya mwisho wa Machi kutoa 8,130 ya mwanzo wake: hasi karibu elfu nane. Ningeiona hasi hiyo, ningejiuliza ni nani anayerudisha maji bombani! Lakini zamani, kwa kuogopa kuchekwa mkutanoni, nilikuwa nimeiamuru ripoti igeuze kila jumla hasi kuwa sifuri. Kwa hiyo kamati ya maji ilisoma kwamba bomba halina mtu. Aprili kumi na mbili bomba likafungwa, na mpira wake wa maji ukahamishiwa kijiji kingine.

Nilishtuka nilipoandaa ripoti ya Aprili. Bomba "lisilo na mtu" lilitoa mita za ujazo 111 kwa siku kumi na moja. Nikarudi kwenye picha za Machi. Pembeni, kwa mwandiko wa kujikaza, alikuwa ameandika: "Mita ya zamani imetoka na 8,276. Mupya inaanza 0." Nilifunga hesabu ya mita ya zamani pale, nikaanza upya na mpya: 146 za zamani na 150 za mpya, jumla 296. Dakika tano tu. Niliona haya hadi masikioni.

Kamati ilinisikiliza kwa upole. Lakini kijiji cha pili kilikuwa kimeshaanza kunywa, nani angewanyang'anya?

Nikaenda kuomba radhi. Nilimkuta Mama Nabintu akitoka ziwani, dumu kichwani.

"Mama, nimekuja kuomba musamaha. Kosa ni yangu."

"Weye ndjo Joël wa ripoti?" Alitua dumu taratibu. "Mutoto yangu, si niliandika mu kaye?"

"Uliandika, mama. Sikusoma."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Aliingia ndani akaniletea hiyo kaye, daftari lake. Tangu bomba lifungwe, kila asubuhi alikuwa bado anaenda kusoma mita: 261. 261. 261. Kurasa mbili nzima, na pembeni ya kila mstari: "Maji hakuna."

"Soma yote leo," alisema. "Na ya pembeni."

Nilikaa kizingitini nikasoma, mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa sifuri kila siku, na safari hii ilikuwa sahihi.