Shuka za Wodi ya Wazazi

Kwenye ofisi ya ununuzi ya hospitali walimwita Msomi, kwa mapenzi na kejeli kidogo, maana kila jioni alikimbilia darasani. Alikuwa msaidizi. Bila mitihani ya bodi ya ununuzi na ugavi asingekuwa afisa hata angeota mvi pale. Sasa ameimaliza yote, na leo amekaa mbele ya meza ya usaili wa cheo hicho.

Upande mmoja wa meza alikaa mkuu wa ununuzi, bosi wake, aliyemsukuma asome. Upande wa pili, mkaguzi wa ndani.

"Shuka zinaisha wodini kila mara," mkaguzi alisema. "Ungefanyaje?"

Msomi akamwaga jibu kama maji: piga hesabu ya matumizi kwa muda wote wa kusubiri mzigo, ongeza akiba ya tahadhari, stoo ikishuka hapo, agiza.

"Vizuri. Na mkichelewa kuagiza, hapa kwenu mnafanyaje?"

Hilo alilijua usingizini. "Tunaigawa oda mara mbili. Kila nusu inabaki chini ya kiwango kinacholazimu kutangaza zabuni, tunaomba bei kwa wauzaji watatu, shuka zinafika upesi."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama. Bosi akatazama dirishani. Ndipo Msomi alipogutuka: kugawanya manunuzi ili kukwepa zabuni, kosa kisheria! Alikuwa amelijibu swali hilo hilo kwenye mtihani, ukurasa mzima, akapata alama za juu. Hakuwahi hata mara moja kulifananisha na ofisi yao.

Koridoni bosi alimnong'oneza, "Mdogo wangu, umenianika."

"Sikukusudia, dada. Niliulizwa."

"Najua. Ndiyo maana sijui nikukasirikie vipi."

Mama yake akapiga simu. "Umepita?"

"Sijui, mama."

"Hujui nini? Kupita ni kupita!"

"Nimejibu vizuri na vibaya kwa pamoja."

Msomi akapandishwa cheo. Bosi akapewa onyo. Asubuhi ya kwanza, bosi alimwekea mezani maombi mawili ya shuka, ya wodi ile ile, tarehe ile ile.

"Afisa, saini sasa ni yako. Wodi ya wazazi wanakaribia kulalia magodoro matupu."

Je, anamjaribu? Anamkomoa? Anamwomba msaada? Msomi alimkodolea macho asione kitu. Mwishowe akayaunganisha maombi yale kuwa moja, akaandika juu yake "zabuni", kisha akampigia simu matroni, mkuu wa wauguzi.

"Shikamoo, matroni. Kuna wodi yenye shuka za ziada, wazazi waazime kwanza?"

"Marahaba. Kuazima tena? Si huwa mnaleta chapuchapu?"

"Nimepandishwa cheo, matroni."

"Hee, hongera! Kwa hiyo umepanda wewe, wazazi wangu wakose shuka?"

Msomi akaifunika simu kwa kiganja. Bosi, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alirudi taratibu, akavuta kiti.

"Mwambie wodi ya upasuaji wanazo," alisema. "Halafu tuiandike hiyo zabuni."