Kadi ya Kanda ya Dominiko

Abel, mhariri wetu wa picha, alikuwa na mikono ya dhahabu na masikio ya kupamba kichwa. Kwao ni Bukoba, na lugha za watu wengine zilimpitia kama upepo.

Kituo chetu cha televisheni pale Morogoro mjini kilikuwa kichanga. Serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kurusha matangazo, nasi tukajitosa na kamera moja na kanda za kuazimana. Kila kanda ya shairi ilitoka kwa Abel ikiwa na kadi: jina la shairi, mtunzi, dhamira, lugha. Maelezo yale tuliyaingiza kwenye kompyuta. Mimi mtangazaji, nikitaka mashairi ya harusi, niliandika "ndoa" na yote yalijitokeza. Kanda yenye lugha ya kabila ilikuwa na sharti moja: mwenye lugha aisikilize kwanza, ndipo irushwe.

Basi Abel alipanda Mlali, akamrekodi Mama Yustina akighani shairi lake, "Dominiko Amekufa". Mama alijitanda kanga, akalia kwa kwikwi mpaka kamera ikatikisika. Abel akarudi ameguswa. Kwenye dhamira akaandika "msiba". Kwenye lugha akaandika "Kiswahili", maana jina la shairi lilikuwa la Kiswahili, na kanda zote za wiki ile zilikuwa za Kiswahili. Mantiki ya Abel hiyo.

Alhamisi nilikuwa na kipindi cha rambirambi. Nikaandika "msiba", nikaandika "Kiswahili", nikaipata. Nikatangaza kwa sauti ya kanisani: "Tunaungana na familia ya Dominiko wa Mlali." Mama Yustina alipofungua kinywa, kikatoka Kiluguru kitupu. Nilimtazama Abel kupitia kioo. Akaniinulia dole gumba, mwendawazimu yule.

Unaweza kudhani Waluguru wenyewe waliucheka uongo ule. Thubutu! Mama Yustina na Dominiko ni watani kwa ukoo, na msibani mtani ndiye anayemsimanga marehemu. Shairi lilisema Dominiko aliogopa maji ya baridi maisha yake yote, sasa ataogeshwa na nani? Walioelewa kila neno ndio walioangua kilio zaidi. Mtani akisema vile, maiti iko ndani. Kumbe mama alilitunga kumchokoza tu, kwa sababu Dominiko aliugua malaria siku chache akaanza kugawa mashamba.

Waombolezaji walimkuta marehemu juu ya paa lake, akipigilia bati.

Kesho yake asubuhi Dominiko na Mama Yustina walikuwa ofisini.

"Shikamooni," nikasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Dominiko. "Marehemu hajambo."

Meneja wetu, Bwana Athanas, alikuwa anatoka jasho. "Mzee, tunaomba radhi. Kanda hiyo tunaifuta leo hii. Tutarekodia mpira."

Mama Yustina akashika ukingo wa meza. Hakuwa na nakala. Hakujua kuandika, shairi lilikuwa kichwani mwake na kwenye kanda ile, basi. Nilimwonea huruma. Sote tukamgeukia Dominiko, maana aliyezikwa ni yeye, na neno lilikuwa lake.

"Kaka yangu Petro," akasema, "tuligombania mpaka wa shamba, akaapa hatakanyaga kwangu. Jana kaja na mzigo wa kuni kichwani, analia njia nzima kwamba amenikosea. Kaniona juu ya paa, kaangusha kuni, kakaa chini. Jioni tumekula ugali sahani moja." Akajifuta pua kwa kiganja. "Mkifuta hiyo, nitakufa kweli niwasumbue. Sahihisheni kadi."

Nikaichukua kalamu kabla Abel hajaigusa. Lugha: Kiluguru. Mtunzi: Yustina, wa Mlali.

"Na jina tuweke 'Dominiko Hajafa'," meneja akapendekeza.

"Jina ni langu," mama akamkata. "Liache."

Nikakata neno "msiba" kwa mstari, nikaandika "utani". Mama akauliza nimekata nini, nikamsomea.

"Rudisha."

"Mama, si ndilo lililoleta balaa?"

"Kwani haviwezi kukaa viwili?"

Nikamwambia vinaweza, hata vitatu; ukitafuta kwa kimoja chochote, kanda inatokea.

"Basi rudisha. Siku yake ikifika kweli, mimi sitaweza kughani. Nitakuwa nalia." Akamsukuma Dominiko bega. "Mtampigia hii."

Dominiko akafungua kinywa amjibu, maana mtani hashindwi maneno. Akakifunga. Kisha akageukia dirishani, akaanza kuitazama milima ya Uluguru kana kwamba ndiyo kwanza inaletwa.

Nikaandika: Dhamira: utani, msiba.