Mwanaharusi Agoma Kufuta Pembe ya Tisini

Hutaamini, lakini mwaka 1998 pale Kibiti, binti wa kidato cha nne, Mwanaharusi, alimgomea mwalimu wa hesabu darasa zima likiona.

Mwalimu Gharibu alikuja na picha aliyoipiga kwenye semina ya walimu, ya mchoro uliokuwa ubaoni. Mashua inatoka A, inakwenda kilomita nane kwa nyuzi 060 kutoka kaskazini hadi B, halafu kilomita sita kwa nyuzi 150 hadi C. A hadi C ni umbali gani? Mwalimu akaweka kipimapembe juu ya picha. "Pembe ya B ni 110."

"Picha imepigwa kwa ubavu, Mwalimu!" Mwanaharusi akaruka. "Ona mistari ya kaskazini ilivyoinamiana, na inatakiwa iwe sambamba!"

Akachora upya ubaoni, mistari imenyooka. "Ukiwa B, kurudi A ni 240. Toa 150, inabaki tisini. Pembe mraba! Nane mara nane, jumlisha sita mara sita, ni mia; kipeo chake kumi."

"Futa," Mwalimu akafoka, "la sivyo mashindano ya hesabu ya Ikwiriri huendi."

Mashindano hayo kayasubiri mwaka mzima, jamani!

"Sifuti, Mwalimu. Niacheni hapa na kumi yangu."

Chaki akaiweka, akakaa. Wewe ungefuta?