Kichochoro cha Nyuma ya Tanuri

Abu Sinan alikuwa fundi mwashi wa Mosul, wa mji mkongwe, na alikuja Amman mwaka mmoja baada ya vita kuisha kule kwao. Sisi tulikuwa watu watano tunaotengeneza michezo ya kompyuta katika nyumba ya mawe huko Weibdeh. Bosi wetu Nizar alitaka mchezo ambao mchezaji anatembea katika mtaa wa kale, na kila akianza upya mtaa unakuwa mwingine. Mimi, Hadil, ndiye niliyepewa kazi ya kuufanya mtaa ujijenge wenyewe.

Nilitumia njia ambayo sisi wa kazi hii tunaiita kuporomoka kwa wimbi, jina lililoazimwa kwa wanafizikia. Ramani ni karatasi ya miraba. Mwanzoni kila mraba unaweza kuwa kigae chochote: ukuta, ua, mlango, kichochoro. Programu inatafuta mraba uliobakiwa na uwezekano mchache zaidi kati ya ile ambayo haijaamuliwa, inaupa kigae kimoja kwa bahati nasibu, halafu inafuta kwa majirani vigae visivyoruhusiwa kukaa kando ya kile. Majirani nao wanabana majirani zao. Inaendelea hivyo hadi kila mraba ubaki na kigae kimoja. Mraba ukifutiwa vyote, mambo yamekwama, na inabidi kurudi nyuma au kuanza upya.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kanuni za ujirani: nini hukaa kando ya nini. Mimi nimezaliwa ghorofa ya nne, ningejua wapi? Ndipo Nizar akamwajiri Abu Sinan anifundishe.

"Mnaporomosha ndipo mnajenga?" Abu Sinan aliniuliza siku ya kwanza, kofia ya sufi ikiwa magotini.

"Ni jina tu, ami."

"Sisi tuliporomoshewa sana. Nasubiri kuona kilichojengwa."

Nizar alicheka peke yake, kisha akakohoa.

Abu Sinan alikuwa mwalimu mzuri kuliko kitabu. Mlango wa nyumba hautazami mlango wa jirani. Ua haugusi kichochoro. Kati yao lazima iwepo njia iliyopinda, ili mpita njia asione wanawake wa nyumba. Chumba hufunguka uani, hakifunguki kwingine. Nikikosea ananigonga bega kwa penseli. "Wewe binti, hapo umemweka mke wa mtu barabarani!" Baada ya mwezi mmoja mitaa ilianza kutoka kwenye skrini, mmoja kila sekunde chache, na yeye akiisoma kama gazeti. "Huu fundi wake mlevi. Huu mzuri. Huu naujua. Hapana, siujui, ila watu wake nawajua."

Kisha akaomba kitu. Je, naweza kumtolea mtaa wake mwenyewe?

Nilimweleza kwamba programu haijui Mosul. Inajua kanuni tu, na mitaa inayotii kanuni hizo haina idadi. Lakini tunaweza kupigilia miraba fulani kabla ya kuanza, yaani kuiamulia sisi, na programu ijaze iliyobaki. Akavuta kiti. Siku ile na nyingi zilizofuata, kazi ikiisha alasiri, alinitajia na mimi nikapigilia. Nyumba yake. Ukuta mrefu wa msikiti upande wa magharibi. Ukuta wa shule upande wa mashariki. Kati yao tanuri la mkate, lililoshikana na ukuta wa shule. Kaskazini, soko.

"Na hapa nyumba ya Idris," alisema huku akitabasamu. "Lango lake liko upande wa soko. Alimjengea mwanawe chumba cha arusi, akakiegemeza kwenye ukuta wa tanuri. Alituambia, 'Bibi arusi wangu hatasikia baridi maisha yake yote.' Tulikula pale hadi tukashindwa kuinuka. Kipigilie."

Nikakipigilia, kimeegemea tanuri, mlango wake ukitazama ukuta wa msikiti.

Mitaa ikatoka. Kila mmoja aliutazama, akaweka kidole kusini, nyuma ya nyumba yake, akakipandisha taratibu kuelekea kaskazini. Kila mara kidole kilisimama mahali pale pale.

"Sio huu," alisema. "Toa mwingine."

Siku ya tatu nilimuuliza anatafuta nini.

"Kichochoro cha nyuma ya tanuri. Kinatokea sokoni. Nilipokuwa kijana nilikipita kila siku."

"Kwa nini hicho hasa, ami?"

Alikunja kofia yake mara mbili. Kisha akanisimulia. Mwezi Julai, mwaka ule wa mwisho wa vita, ndege zilipokuwa juu ya mtaa, mkewe Ibtihaj na binti yao Wasan walikuwa mlangoni. Yeye alikuwa ndani akimfunga mama yake mgongoni kwa shuka, kwa kuwa mama alikuwa hawezi kutembea. Aliwapigia kelele: tangulieni, pitieni nyuma ya tanuri, mtatokea sokoni, askari wako sokoni. Wakaenda. Alipotoka yeye, mdomo wa kile kichochoro ulikuwa umefunikwa na nyumba iliyoanguka. Akazunguka kwa mtoni na mama yake, ambaye alifia kambini baada ya wiki mbili. Ibtihaj na Wasan hakuwaona tena. Hawakuwa kambini, wala hospitalini, wala kwenye orodha yoyote.

"Sinan ananipigia kutoka Ujerumani kila Ijumaa," alisema. "Ananiambia, baba, waombee rehema. Nimwombeeje rehema mtu aliyetokea sokoni? Pale kulikuwa na malori. Watu walipakiwa wakapelekwa kila upande. Wasan alikuwa na miaka kumi na sita. Leo anaweza kuwa mama wa watu." Akanitazama. "Nataka tu kuiona njia yao. Lazimisha kipite."

Kanuni za ujirani peke yake haziwezi kulazimisha jambo kama lile. Zinajua kigae na kigae cha kando yake. Hazijui kama njia inayoanzia kusini inafika kaskazini. Niliandika sharti jipya: kutoka nyuma ya nyumba ya Abu Sinan hadi sokoni lazima pawe na njia isiyokatika. Nikaanzisha.

Ikakwama. Nikaanzisha tena, ikakwama. Nikaiambia irudi nyuma kila inapokwama na kujaribu kila kilichobaki, bila kuruka hata kimoja. Mtaa wenyewe ulikuwa mdogo, na tulikuwa tumepigilia mengi, kwa hiyo haikuchukua hata dakika. Jibu likaja: hakuna mtaa wa namna hiyo, hata mmoja.

Abu Sinan alikuwa jikoni akichemsha chai. Niliikaribia skrini nikatafuta ni wapi. Palikuwa wazi kiasi cha kunitia aibu. Kati ya tanuri na msikiti palikuwa na miraba miwili tu. Mmoja ulikuwa chumba cha arusi. Chumba hufunguka uani, kwa hiyo wa pili lazima uwe ua, na ua ukagusa ukuta wa msikiti. Hapakubaki pa kupita; aliyeingia kutoka kusini alikutana na ukuta. Idris alipojenga chumba kile, alikijenga juu ya kichochoro. Waliokuja arusini waliingia kwa lango la sokoni. Nani angekwenda kuchungulia nyuma?

"Imetoka?" alinisemesha kutoka jikoni.

"Bado, ami. Kuna kosa kwenye programu yangu."

Nilisema hivyo siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Nizar aliliona lile jibu kwenye meza yangu akanivuta kando.

"Hadil, futa hicho chumba, njia ipite, mzee afurahi. Ni mchezo, sio mahakama."

"Akiniuliza nimefuta nini?"

"Mwambie hujui, ni bahati nasibu. Si ndiyo kazi yako?"

Sikucheka. Nilifuta, lakini nilichelewa. Asubuhi iliyofuata Abu Sinan alikuwa amefika kabla yangu, na alikuwa amekaa mbele ya karatasi ya miraba tuliyokuwa tukichorea kwa penseli. Alikuwa ameivika vigae vya karatasi, kimoja kimoja, kwa kanuni zake mwenyewe. Hakugeuka nilipoingia.

"Programu yako haina kosa," alisema.

"Ami, kanuni sio Mosul. Watu huvunja kanuni. Huenda Idris aliacha upenyo, huenda ua ule ulikuwa na mlango wa nyuma…"

"Idris?" Akatikisa kichwa. "Idris alikuwa na binti watatu. Angefungua ua wake kwenye kichochoro cha wahuni?" Akaweka kidole juu ya mraba wa pili, kati ya chumba na msikiti. "Nilikaa hapa. Siku ya arusi nilikaa hapa hapa, mgongo kwenye ukuta wa msikiti, sahani magotini. Niliuona mlango wa chumba mbele yangu. Ni mimi niliyemwambia Idris, hongera, umepata nafasi wapi? Akacheka. Sikuuliza tena."

Nikamwambia neno lililonijia, kwamba hakujua.

"Niliwatuma," alisema. "Wasan alisema, 'Baba, twende na wewe mtoni.' Nikamwambia asibishane na mimi."

Baada ya muda aliomba kuona nilichokuwa nimefanya. Nikamfungulia mtaa usio na chumba cha arusi. Ulijaa mara moja, mzuri, na kichochoro kikapanda kutoka nyumbani kwake hadi sokoni bila kukatika. Alikipitisha kidole mpaka mwisho. Alikitoa akakipangusa kwenye suruali.

"Hawa ni watu wengine," alisema, akachukua kofia yake.

Wiki iliyofuata aliweka matanga siku tatu katika nyumba yake ya kupanga huko Hashmi. Viti vya plastiki vilikodiwa ishirini. Sidhani vilikaliwa zaidi ya saba kwa wakati mmoja. Nizar alikuja, akanywa kahawa chungu. Sinan alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika, akilia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia zamani. Abu Sinan hakulia. Nilipompa pole aliinama akaninong'oneza, "Ukiulizwa, usiseme ni kompyuta. Sema mzee alipata habari."

Mwezi wa pili yake nilimtembelea. Alikuwa amemtuma mpwa wake aliyebaki Mosul aende na watu wa kuchimba, mahali pale kati ya tanuri na msikiti, ili wapatikane wazikwe. Mpwa alikuwa amemtumia picha. Abu Sinan alinipa simu, nikaitazama: uwanja mweupe, tambarare, uliokwisha kusombwa kifusi na matingatinga, na magari manne yameegeshwa. Hapakuwa na tanuri wala ukuta wa shule. Hata msikiti haukuwepo.

"Anauliza achimbe wapi," alisema.

Aliichukua simu, akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Nje muuza gesi alipita na muziki wake. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa, na alikuwa bado anaisogeza.