Herufi Iliyoponyoka

Meneja wa rasilimali watu, ambaye hoteli nzima humwita Mama Kanuni, alikuwa amechoshwa na barua za wanafunzi wanaoomba mafunzo kwa vitendo. Zote zilianza na "kwa heshima na taadhima," na zote zilikuwa zimepooza kama chai ya jana. Akachukua nyingine, ya binti wa chuo cha hoteli aliyetaka idara ya usafi wa vyumba. Barua ya utambulisho ya chuo ipo, tarehe za mafunzo zipo. Haya, angalau huyu ana akili. Halafu akafika aya ya pili:

"Naweza kuwatandika wageni kila asubuhi, haraka na bila kuchoka."

Mama Kanuni alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Akapiga simu.

"Mwanangu, hapa wageni hatuwatandiki. Tunawatandikia vitanda."

Sauti nyembamba ikajibu: "Mungu wangu! Samahani, mama, nilitaka kuandika kuwatandikia. Hiyo i imeniponyoka."

"Basi ikamate, uje nayo Jumatatu kwenye usaili."

Hajaweka simu chini, mkuu wa usafi wa vyumba akaingia, amevimba kama chura. Mgeni wa ghorofa ya juu amerudisha mito kwa mara ya nne, na sasa anawatukania wahudumu wa vyumba mama zao.

Mama Kanuni akamsukumia barua, kidole kwenye aya ya pili, akamsimulia habari ya i iliyoponyoka na usaili wa Jumatatu. Mkuu akasoma, uso ukakunjuka.

"Usaili wa nini tena?" akasema. "Aje leo leo, na hiyo i aiache nyumbani."