Kibali Kilichoandikwa Kibosho

Mwenye duka wa Bomang'ombe akitaka mzigo hutuma ujumbe tu. Siku hiyo alipiga simu, nikajua kuna neno.

"Mama Tito, njoo uchukue unga wako. Wakaguzi wamepita. Pakiti inasema Njoro, kibali kinasema Kibosho. Usirudi dukani mpaka karatasi zikubaliane."

Unga wa lishe ndio unaonilisha tangu Sirili wangu alipofariki. Na hilo duka ndilo mnunuzi wangu mkubwa.

Anuani niliitaja mwenyewe, siku ya kujaziwa maombi ya kibali kwenye kompyuta. Niliulizwa ninapatikana wapi, nikasema Kibosho. Mtu wa huku hakutajii nyumba ya kupanga, anakutajia kihamba, shamba la ukoo. Mkaguzi alikuja Njoro, mjini nilikopanga, akaiona mashine, akaridhika, lakini kibali kikatoka na anuani ya kwenye maombi. Mimi nilifurahi kuona jina langu, sikusoma chini yake.

Sasa kile kihamba si changu. Ni cha Kastori, shemeji yangu, kitinda mimba aliyeachiwa nyumba ya baba yao. Sirili tulimzika pale kwa sababu sisi wa mjini hatukuwa na shamba. Mke wa Kastori ni Evaline, Mama Lucky, na Mungu anisamehe, ninamwonea wivu. Kila asubuhi akifagia uani anafika mpaka kwa mume wangu. Mimi napanda na mshumaa, nabisha hodi.

Na yeye ana wivu wake. Nilipompa nakala ya kibali aione, aliitia fremu akaitundika sebuleni. Wanajumuiya wakija anawaonyesha: "Kiwanda kiko hapa hapa kwetu."

Nilikwenda ofisini nikamkuta Stella, afisa anayeshughulikia vibali.

"Shikamoo mama. Umehama, au anuani ilikosewa?"

"Kuna tofauti?"

"Kubwa. Ukihama unaomba upya na tunakagua upya. Ikiwa ni kosa, unaandika barua, unarudisha kibali halisi, unaambatanisha leseni, mkataba wa pango na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Tutalinganisha na ripoti ya ukaguzi. Na nakala zozote ulizobandika, ziondoe."

Niliandika usiku uleule, baada ya rozari.

*YAH: OMBI LA KUTOLEWA UPYA KIBALI CHENYE ANUANI ISIYO SAHIHI. Mimi Salvina, mjane wa Sirili, nasaga na kufungasha unga wa lishe Njoro, mahali mlipokagua. Kwenye maombi nilitaja Kibosho kimakosa. Sijahama. Kibosho sina…*

Kalamu ikagoma. Karatasi ile, hata kwa makosa, ndiyo pekee duniani iliyoniweka mimi pale alipolala Sirili. Nikaifuta hiyo *sina*, nikalala.

Asubuhi nilipanda Kibosho kuichukua nakala. Evaline alinipokea kwa bakuli la mtori, na nilipomweleza shida yangu, akili yake ilikuwa imeshanitangulia.

"Kwani ubadilishe ya nini, Mama Tito? Hamishia mashine huku. Banda la ng'ombe liko tupu. Utakuwa karibu na marehemu."

Nikatazama dirishani. Masale, majani tunayopanda kaburini, yalikuwa yamekatwa vizuri, kuliko ambavyo ningeyakata mimi. Nikauliza polepole: "Na funguo za banda atakaa nazo nani?"

"Si mimi? Nyumba ina mama mmoja."

"Basi nishushie hiyo fremu."

"Wivu tu! Unaona watu wanakuja kwangu kuulizia unga."

"Wanaulizia unga, Mama Lucky. Hawakuulizii wewe."

Uso ukamwaka. Kisha akapanda kwenye stuli akaishusha mwenyewe, akaitoa karatasi akanitupia. "Chukua. Na uandike vizuri kwamba huku huna kitu."

Barua niliimalizia palepale, juu ya meza yake, ili aone: *Kibosho sina biashara. Ni alipozikwa mume wangu.*

Stella aliposoma alisema sentensi ya mwisho ofisi haiihitaji.

"Najua, mwanangu. Iache."

Akaiacha. Ripoti ya ukaguzi ilisema Njoro kama mimi nilivyosema, na kibali kipya kikatoka. Safari hii nilikisoma chote kabla ya kuinuka kitini. Unga ukarudi dukani Bomang'ombe.

Jioni Evaline akapiga simu. "Wameandika wapi?"

"Njoro."

"Haya. Wewe sasa ni wa Njoro. Sirili nitamfagilia mimi."

"Fagia. Masale tu usiyaguse, Novemba, mwezi wa marehemu, nakuja kuyakata mwenyewe."

Nikakata simu, nikamsalia Evaline Salamu Maria moja. Fupi.