Miaka Ambayo Kandida Hakuvaa Sare
Kandida alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto hadi mwanawe mwenyewe, Brayan, alipofia humo. Malaria ilimmaliza damu, na siku hiyo damu ya kundi lake haikuwepo. Kandida ndiye aliyemtafutia mshipa. Baada ya mazishi hakurudi kazini. Alifungua kiduka cha vipodozi mtaa wa Maisaka, akawa anapita njia ya mbali ili asiione hospitali.

Mwaka wa nne, mumewe Xavery alimshauri aombe kazi ya uuguzi nje ya nchi. Baraza la wauguzi la huko lilitaka kwanza litathmini stashahada na uzoefu wake. Chuo kingetuma matokeo moja kwa moja, na hospitali aliyofanyia kazi ingejaza fomu yake na kuituma yenyewe. Kandida naye aliandika barua ya maelezo. Aliorodhesha kazi zake: kuhudumia watoto mahututi, kuwawekea damu, kuwafundisha wanafunzi. Alipofika kwenye miaka aliyokuwa nje ya uuguzi, Xavery alimwambia aandike sababu za kifamilia tu. Kandida akaandika kwamba mtoto wake alifariki katika wodi aliyokuwa akifanyia kazi, na kwamba tangu hapo hakuwa ameuguza mtu.

Akapeleka nakala kwa matroni Rosalia, msimamizi wake wa zamani, ambaye ndiye angejaza fomu ya hospitali. Ilimbidi asimame kwenye geti la hospitali kwa muda kabla ya kuingia.

Matroni aliisoma, akavua miwani. Alimweleza kuwa watathmini huangalia sana kama mtu amefanya kazi karibuni. Kisha akashusha sauti.

"Mama Brayan, naweza kuandika kwamba uliacha mwaka jana. Hapa hakuna atakayenipinga."

Kandida aliitamani sana nafasi hiyo. Lakini aliwaza kuandikwa kuwa alikuwemo wodini miaka yote ile, akipita kando ya kitanda alichofia Brayan kila asubuhi, na moyo ukamkataa.

"Andika tarehe niliyoacha, matroni."

Majibu yalikuja kwa barua pepe baada ya miezi kadhaa. Stashahada yake ilikubalika. Uzoefu wake ulikuwa mzuri, ila ulikuwa wa zamani mno. Arudi kwanza kwenye kazi ya kuuguza wagonjwa, kisha aombe upya. Mwishoni walimpa pole kwa msiba.

Xavery alikasirika, akasema ukweli wake umewafungia mlango. Kandida alikuwa akiihuisha leseni yake ya uuguzi miaka yote bila kujua kwa nini, basi akaenda kuomba kazi hospitali ileile. Matroni alimpokea, ila nafasi iliyokuwepo ilikuwa moja tu, wodi ya watoto.

Siku ya kwanza akapewa mtoto wa kike kutoka Nakwa, amepauka midomo, anahema kwa shida. Safari hii damu ilikuwepo. Mama yake alimwuliza kama mtoto atapona.

Kandida alisema hajui. Akamshika mtoto mkono, akaanza kutafuta mshipa.